Wastani wa kipato na kaya 15 za kisima kimoja: kisa kutoka Pemba

Katika wiki ya tatu ya kozi ya takwimu za awali huwapa wanafunzi wangu kazi isiyobadilika. Nendeni mahali mnapopajua, ulizeni kipato cha kaya, kisha mniletee namba moja ya kuzisemea zote na mnieleze kwa nini mmeichagua hiyo. Wengi huona kazi hii ni nyepesi. Namba zikusanywe, zijumlishwe, zigawanywe, basi.

Kisa hiki ni cha wanafunzi wawili, kijana wa Mkoani na binti wa Micheweni, waliokwenda kwenye kitongoji kimoja cha ndani ya wilaya ya Wete, katikati ya mikarafuu. Sitakitaja, maana kwa kaya 15 mtu wa pale angemtambua kila mmoja. Namba nazo nimezitengeneza upya ili hesabu zitoke sawa. Umbo lake nimeliacha kama walivyolikuta, na umbo ndilo lenye habari.

Kaya hizo 15 huchota maji kwenye kisima kimoja chenye pampu ya umeme. Kamati ya maji ilikuwa imepiga hesabu ya umeme, vipuri na posho ya mtunzaji, ikapata kwamba zinahitajika shilingi 360,000 kwa mwezi. Ukizigawa kwa kaya 15, kila kaya inatoa 24,000. Walichotaka kujua wanakamati ni kitu kimoja tu: mchango huo watu watauweza? Wanafunzi wakaona hapo pana kazi ya maana, wakaahidi kurudi na jibu.

Walipita nyumba kwa nyumba katika mwezi wa mavuno ya karafuu. Ripoti yao ya kwanza ilikuwa ya ukurasa mmoja na nusu, na sentensi yake kuu ilikuwa hii: "Kipato cha wastani cha kaya ni shilingi 500,000 kwa mwezi, hivyo mchango wa shilingi 24,000 ni chini ya asilimia 5 ya kipato cha kaya ya kawaida, na unabebeka."

Hesabu haina kosa: 24,000 kwa 500,000 ni asilimia 4.8. Lakini walipoisoma mbele ya kamati, mzee mmoja aliyekuwa amekaa barazani akauliza kwa upole, "Wanangu, hiyo kaya ya laki tano ni ya nani?" Wakapitia daftari lao. Haikuwapo. Haikuwapo hata kaya moja iliyokaribia laki tano. Ya karibu zaidi kwa chini ilikuwa ya 380,000, na ya karibu kwa juu ilikuwa ya 950,000.

Hizi hapa namba zenyewe, kwa maelfu ya shilingi, zikiwa zimepangwa kutoka ndogo hadi kubwa:

90, 110, 120, 140, 150, 160, 180, 200, 220, 240, 260, 300, 380, 950, 4,000

Jumla yake ni 7,500, yaani shilingi 7,500,000. Gawa kwa 15 upate 500,000. Sasa hesabu ni kaya ngapi zimo chini ya huo wastani. Ni 13. Kaya 13 kati ya 15 zina kipato kidogo kuliko kile ambacho ripoti imekiita cha kawaida. Kaya ya nane, iliyosimama katikati kabisa ya safu, saba nyuma yake na saba mbele yake, ina 200,000. Hiyo ndiyo mediani. Kwa kaya hiyo, ambayo baba ni mvuvi wa dema na mama huchuma karafuu kwa malipo ya pishi, mchango wa 24,000 si asilimia 4.8 bali ni asilimia 12. Kwa kaya ya 90,000 ni zaidi ya robo ya kipato. Kwa kaya ya milioni nne ni kama asilimia 0.6, hata haisikii.

Kosa hili silioni kuwa la uvivu. Naona lugha yetu yenyewe inachangia, na kwenye vitabu vya hesabu sijaliona likisemwa. Neno "wastani" asili yake ni Kiarabu, wasat, na maana yake ni kati. Mtaani ndivyo tunavyolitumia hadi leo. Ukisema fulani ni mtu wa kipato cha wastani, unamaanisha si tajiri wala si fukara, yumo katikati ya watu. Ukisema nyumba ya wastani, unamaanisha nyumba ya kawaida kama za wengi. Kisha mtoto anaingia darasani, neno lile lile anapewa kwa kazi nyingine: jumlisha zote, gawanya kwa idadi. Hakuna anayemwambia kwamba maana imehama. Anapiga hesabu ya kujumlisha na kugawa, halafu anapoandika tafsiri anarudi kwenye maana ya nyumbani, anasema "kaya ya kawaida". Wastani wa mtaani ni mediani. Wastani wa darasani ni mgawo sawa. Namba zikiwa zimekaa kwa ulinganifu, hizo mbili hukutana au hukaribiana na hakuna anayeumia. Kipato kwa kawaida hakikai hivyo.

Nilipowauliza wanafunzi wastani huu wa 500,000 unamwambia nini mtu, binti wa Micheweni ndiye aliyelifungua. Akasema, "Mwalimu, ni kama kila kaya ingemwaga fedha zake kwenye chungu kimoja, kisha tukagawana sawasawa. Kila mmoja angetoka na laki tano." Barabara. Ni namba ya mgawo ambao haujafanyika. Haielezi alichonacho mtu, inaeleza ambacho kila mtu angekuwa nacho kama wote wangekuwa sawa. Pato la kila mtu linalotajwa kwenye hotuba za bajeti ni namba ya aina hiyo hiyo: pato la nchi nzima limegawanywa kwa idadi ya watu, ambao kwa Zanzibar Sensa ya 2022 iliwahesabu kuwa 1,889,773. Ni namba halali, lakini ni ya chungu, si ya mfuko wa mtu.

Kijana wa Mkoani hakuwa tayari kuachia. Alikuwa na dawa nyingine, na ni dawa ambayo nimeiona katika kila darasa. "Mwalimu, tatizo ni huyu mmoja wa milioni nne. Tukimtoa, wastani unakaa sawa." Tukamtoa. Jumla ikabaki 3,500,000 kwa kaya 14, wastani 250,000. Kaya moja imeondoka na wastani umeanguka nusu nzima. Mediani nayo, kwa kuwa sasa namba ni 14 na katikati wamesimama wawili, wa 180 na wa 200, ikawa 190,000. Imesogea kwa elfu kumi. Ukitaka kuona tofauti ya tabia za vipimo hivi viwili, ni hapo. Tumrudishe mtu wetu, na tuseme mwaka huu karafuu zimemkubali sana akapata milioni saba badala ya nne. Wastani unapanda hadi 700,000 na kaya nyingine 14 hazijaongezewa hata senti. Mediani inabaki pale pale, 200,000, kwa sababu kwake yeye mtu yule ni "aliye juu ya katikati" na hajali yuko juu kiasi gani.

Lakini kumtoa si dawa. Kwanza, ukishamtoa wa milioni nne, wa 950,000 ndiye anayebaki amejitenga, naye utamtoa? Mkia mrefu wa upande wa kulia, yaani zile namba chache kubwa zilizokaa mbali na wenzake, si uchafu uliomwagikia data, ndio umbo la kipato chenyewe. Kipato kina sakafu, maana kaya nyingi haziwezi kushuka sana chini ya kiasi fulani zikaendelea kula, lakini juu hakina dari. Mchumaji analipwa kwa pishi, na pishi za siku moja zina mpaka wake kwa mikono miwili. Mwenye mikarafuu mia anauza kwa kilo, na mpaka wake ni idadi ya miti na hali ya msimu. Watu wa aina hizi mbili wakiwa kijiji kimoja, mkia lazima uwepo.

Pili, namba iliyojitenga haitolewi kwa sababu inaudhi. Inaulizwa. Huenda mtu alitaja mauzo ya msimu mzima badala ya mwezi mmoja. Huenda ameongeza sifuri. Na kwa karafuu kuna mtego mahususi: mwenye miti anaweza kutaja mauzo, wakati sehemu ya fedha hizo ameshawalipa wachumaji, ambao baadhi yao ni wale wale walioandikwa kwenye kaya nyingine za orodha. Fedha moja inahesabiwa mara mbili, mara moja kama mauzo yake, mara ya pili kama ujira wao. Niliwarudisha wakamuulize. Jibu lilikuwa kwamba milioni nne ni kilichobaki baada ya kulipa uchumaji, uchambuaji na usafiri. Basi ni kipato, ni cha mwezi ule, na mwenye nacho anachota maji kisima kile kile. Hana sababu ya kutoka kwenye orodha.

Hapa pana kipande kidogo cha kompyuta ambacho sitaki kukiruka, kwa sababu kilitupotezea saa nzima. Wanafunzi waliingiza namba kwenye jedwali, safu ya B, mstari wa 2 hadi wa 16, wakaandika:

```
=AVERAGE(B2:B16)
=MEDIAN(B2:B16)
```

Kompyuta ikatoa wastani 467,857 na mediani 190,000. Daftari lilisema 500,000 na 200,000. Wakaanza kulaumiana nani kakosea kugawa. Nikawaambia waache wastani, watazame mediani peke yake, maana hapo ndipo palipokuwa na ushahidi. Kaya ni 15, na 15 ni witiri. Namba zikiwa witiri, mediani ni lazima iwe moja ya namba zilizomo kwenye orodha, yule mmoja aliyesimama katikati. Itafuteni 190,000 kwenye orodha. Haimo. Maana yake kompyuta haikuhesabu kaya 15, imehesabu idadi ya shufwa, ikachukua wawili wa katikati na kuwagawa. Tukaandika:

```
=COUNT(B2:B16)
```

Likatoka 14. Mmoja wao alikuwa ameandika kipato cha kaya ya duka kama tunavyoandika risiti, 950,000/=, na kompyuta ilipoona ile alama ya mwisho ikaichukua kama maneno, si namba, ikaipita kimya kimya. Haikulalamika wala haikuweka rangi nyekundu. Tangu siku hiyo mstari wa COUNT ndio wa kwanza katika kila jedwali la darasa langu. Na kuna ndugu yake mbaya zaidi: kaya iliyosema "mwezi huu sikupata kitu" ikiachiwa kisanduku kitupu, nayo itarukwa. Kama hakupata kitu, inaandikwa 0. Kisanduku kitupu kiachiwe yule ambaye hukumkuta nyumbani.

Turudi kwa kamati. Ripoti ya pili ikaandikwa kwa mediani: nusu ya kaya zina shilingi 200,000 au chini ya hapo, na kwa kaya ya katikati mchango wa 24,000 ni asilimia 12 ya kipato cha mwezi. Wakapendekeza mchango ushuke hadi 10,000, asilimia 5 ya mediani. Darasa lote likaridhika. Nami, kusema kweli, niliridhika kwa muda, kwa sababu ndilo jibu ambalo vitabu vingi vya mwanzo huishia nalo: data zikielemea upande mmoja, tumia mediani. Kanuni fupi, inakaririka, na kwenye mtihani inakupa alama.

Kisha mwanafunzi aliyekuwa kiti cha nyuma, ambaye siku nyingi hasemi, akauliza, "Samahani mwalimu, elfu kumi kwa kaya 15 si laki na nusu? Pampu inataka laki tatu na sitini."

Kimya.

Hapo ndipo kisa kinapokuwa na thamani, na ndiyo sababu nimeamua kukiandika. Wanafunzi walikuwa wamekwenda mbali zaidi ya mchango. Katika ukurasa wa pili walikuwa wamejaribu kukadiria uwezo wa kitongoji kizima, wakazidisha mediani kwa idadi ya kaya: 200,000 mara 15, milioni 3. Wakaandika kwamba kitongoji kina kipato cha shilingi milioni 3 kwa mwezi. Lakini jumla tunaijua, ni milioni 7.5. Milioni 4.5 zimeyeyuka ndani ya ripoti, si kwa wizi bali kwa kutumia kipimo ambacho hakikuumbwa kubeba jumla.

Wastani una sifa moja ambayo mediani haina: ukiuzidisha kwa idadi, unarudi kwenye jumla kamili. 500,000 mara 15 ni 7,500,000, haipungui wala haizidi, hata mkia uwe mrefu kiasi gani. Kwa hiyo swali likiwa la jumla, kwamba kuna fedha kiasi gani hapa, asilimia 5 ya kila mtu italeta kiasi gani, ruzuku ya kiasi hiki kwa kila kaya itagharimu kiasi gani, jibu linapita kwenye wastani, na kuelemea kwa data si sababu ya kuuacha. Mediani imejengwa kwa kusahau umbali. Ndiyo nguvu yake unapomtafuta mtu wa katikati, na ndiyo dosari yake unapotafuta jumla. Hata haziunganiki: ukiwa na mediani ya kitongoji hiki na mediani ya kitongoji jirani, huwezi kupata ya vyote viwili bila kurudi kwenye namba zote na kuzipanga upya. Wastani wa vitongoji viwili utaupata kwa jumla na idadi tu.

Kwa hiyo kamati ilikuwa na maswali mawili yaliyovaa kanzu moja. "Kaya ya kawaida itaumia kiasi gani?" ni la mediani. "Kitongoji kinaweza kubeba 360,000?" ni la wastani. Ripoti ya kwanza ilijibu la kwanza kwa kipimo cha la pili. Ya pili ikafanya kinyume chake. Ukiyaweka sawa, picha inatulia. Kitongoji kinaziweza 360,000, ni asilimia 4.8 ya fedha zinazoingia. Lakini hakiziwezi kwa mchango wa kiasi kimoja kwa kila kaya, kwa sababu nyingi ya fedha hizo zimo katika nyumba mbili. Kama kila kaya ingetoa asilimia 4.8 ya kipato chake, kaya ya katikati ingetoa 9,600, ya 90,000 ingetoa 4,320, na mwenye mikarafuu angetoa 192,000, zaidi ya nusu ya bajeti yote. Iwapo atakubali au la si jambo la takwimu, ni la baraza na la watu kukaa wakaelewana. Kazi ya takwimu ilikuwa kuwaonyesha kwamba jambo la kuelewana ni hilo, wala si kama 24,000 ni nyingi au ndogo.

Na mediani nayo isipakwe sukari. Niliwapa darasa zoezi: zile kaya saba za chini zipungukiwe nusu ya kipato, ya 180,000 ibaki na 90,000, ya 90,000 ibaki na 45,000, na wengine vivyo hivyo. Mediani mpya ni ngapi? 200,000. Haikutikisika. Nusu ya kitongoji karibu wamefilisika na kipimo chetu cha haki kimenyamaza. Ndiyo maana sipendi mediani iende peke yake kwenye ripoti ya kipato. Ifuatane walau na robo ya chini na robo ya juu. Kwa kaya 15 hazina tabu: ya nne kutoka chini, 140,000, na ya kumi na mbili, 300,000. Ukisema kaya ya katikati ina 200,000, na kaya nyingi zimo baina ya 140,000 na 300,000, msomaji ameona kitongoji. Usishangae kompyuta ikikupa 145,000 kwa robo ya chini, kuna kanuni zaidi ya moja ya kukata robo na kwa namba chache hutofautiana kidogo. Chagua moja uifuate.

Kuna mahali pengine ambapo kisa hiki humnasa mwanafunzi, nako ni kwenye mtihani, anapopewa jedwali la makundi badala ya namba zenyewe. Kaya zetu tukizipanga kwa makundi zitakuwa hivi: chini ya 100,000 kaya 1, 100,000 hadi 199,000 kaya 6, 200,000 hadi 299,000 kaya 4, 300,000 hadi 399,000 kaya 2, na 400,000 na zaidi kaya 2. Mediani bado ipo salama: kaya ya nane imo kwenye kundi la tatu, kwa sababu makundi mawili ya kwanza yana kaya 7. Wastani je? Mwanafunzi huchukua katikati ya kila kundi, 50, 150, 250, 350, na akifika la mwisho, lisilo na mwisho, hulipatia upana sawa na mengine na kuandika 450. Akizidisha na kujumlisha anapata wastani wa kama 237,000. Wa kweli ni 500,000. Zaidi ya nusu imepotea ndani ya maneno mawili, "na zaidi". Dodoso nyingi za kipato huuliza kwa makundi, kwa sababu watu huona haya kutaja namba kamili, na kundi la juu karibu kila mara huachwa wazi. Kutoka kwenye jedwali kama hilo wastani unaopatikana ni kubahatisha tu, na anayeutaja inampasa aseme kundi la mwisho amelipatia thamani gani.

Jambo jingine nitaligusa tu. Huu ulikuwa mwezi wa mavuno. Miezi isiyo na karafuu mkia wa kulia husinyaa, wastani na mediani husogeleana, na mchumaji wa pishi hurudi kwenye muhogo na bahari. Mchango ni wa kila mwezi, kipato cha kuupimia kilichukuliwa katika mwezi mmoja tena ule mnono. Ni moja ya sababu ambazo watafiti wa umaskini huegemea matumizi ya kaya kuliko kipato, na ndivyo Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa Zanzibar unavyoupima umaskini: mapato hupanda na kushuka kwa msimu, na watu huyakumbuka vibaya, lakini chungu jikoni hupikwa kila siku.

Ripoti ya tatu, waliyoipeleka wenyewe Jumamosi kwa daladala, ilikuwa na sentensi tatu za namba. Ya kwanza: kaya ya katikati ina shilingi 200,000 katika mwezi wa mavuno, na kaya nyingi zina baina ya 140,000 na 300,000. Ya pili: kaya zote kwa pamoja zina 7,500,000, wastani wa 500,000 kwa kaya, na zaidi ya nusu ya fedha hizo imo katika kaya moja. Ya tatu: mchango wa 24,000 ni asilimia 12 kwa kaya ya katikati, na asilimia 4.8 kwa kitongoji kikichukuliwa kama chungu kimoja. Hawakuandika neno "kawaida" mahali popote. Niliwakataza.

Yule mzee wa barazani akawasikiliza hadi mwisho, akakubali kwa kichwa. Kisha akauliza, "Na nyumba ya watu kumi na mmoja mmeihesabu sawasawa na ya bibi anayekaa peke yake?"

Binti akafungua daftari, akapekua kurasa zote. Idadi ya watu hawakuwa wameiuliza. Wakakopa kalamu, wakaanza tena kutoka nyumba ya kwanza.